Babu Alivuta Siku ya Pembetatu

Alama nilizopata kwenye jiometri katikati ya kidato cha tatu zilikuwa sawa na umri wa mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa darasa la pili. Kwenye swali la duara, kwa kuwa sikujua la kufanya, nililichorea lile duara macho na masharubu likafanana kabisa na mwalimu wa nidhamu. Madamu wa hesabu aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Mchoro mzuri. Jibu liko wapi?"

Darasa lilicheka, nami nilicheka kuliko wote, mpaka alipotangaza kwamba tukirudi likizo ya Juni tutafanya mtihani mwingine, jiometri tupu, Jumatatu ya kwanza. Atakayekosa nusu ya alama atatoka mchepuo wa sayansi na kuhamia sanaa. Hapo niliacha kucheka.

Sina ugomvi na sanaa. Wenzangu wengi wako huko na wananawiri. Ila mimi nilikuwa nimekwisha chagua kazi. Siku moja walikuja watu wa kupima viwanja kwetu Bigwa, wakasimamisha kile chombo chao cha miguu mitatu barabarani, na dada mmoja aliyevaa fulana ya njano akawa anachungulia kwenye kioo na kunyoosha mkono: sogea kushoto, sogea tena, hapo hapo usitikisike. Na watu wazima wenye ndevu zao walikuwa wanasogea. Nikasema moyoni, kumbe kuna kazi ya kuamuru wakubwa na bado wanakulipa. Upimaji wa ardhi. Na upimaji bila sayansi, bila jiometri, ni kutazama tu barabara.

Basi nilimfuata madamu mlangoni pa ofisi ya walimu.

"Madamu, likizo hii nitapiga msuli sana."

"Msuli si mada," alisema bila kuinua macho. "Niandikie utasoma nini, siku gani. Una wiki tatu."

Kesho yake nilimletea ratiba. Jumatatu: jiometri. Jumanne: jiometri. Jumatano: jiometri nzito. Aliisoma yote, taratibu, kama mtu anayekagua mchele, halafu akanirudishia.

Ya pili niliiandika kweli, ila pembe za ndani ya duara niliziweka siku ya kwanza.

"Kwa nini umeanza na hizi?"

"Ndizo ngumu, madamu. Nimalize shari mapema."

"Na utazithibitisha kwa kutumia nini, kwa maombi? Duara inakula pembetatu, na pembetatu inakula mistari sambamba. Anza chini, upande juu."

Akanipangia upya papo hapo, amesimama, karatasi ameiegemeza kwenye fremu ya mlango. Wiki ya kwanza mistari na pembe, pembetatu, poligoni, kisha pembetatu zilizo sawasawa na zile zinazofanana. Ya pili pembetatu mraba, mizingo na maeneo, halafu duara siku tatu mfululizo. Ya tatu kuakisi na kuzungusha maumbo, nukta na miteremko, maumbo ya vipimo vitatu, na siku mbili za mwisho kufanya mtihani mzima kwa saa na kuusahihisha. Kila siku nisome mada, nifunge daftari, nifanye mfano mmoja bila kuchungulia, ndipo niende kwenye maswali. Nikikosea, niandike kosa lenyewe hapo hapo kwenye ile siku. Jumamosi nisisome kitu kipya, nirudie makosa tu, ila ile ya mwisho nipumzike. Jumapili nilale.

"Hiyo ya kulala sitaikosea, madamu."

"Ndiyo pekee nisiyo na wasiwasi nayo," alisema, akafunga mlango.

Mama aliamua nikasomee mlimani kwa wazazi wake. Sababu aliyoitoa ni utulivu. Sababu ya kweli ni kwamba kule juu simu inashika ukipanda kwenye jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na hata hapo bando linakwisha kabla video haijaanza. Nilipanda bodaboda mpaka barabara ilipokata tamaa, nikamalizia kwa miguu, begi mgongoni, huku ukungu unashuka na mimi napanda, tukapishana.

Ni lazima niwaelezee babu na bibi yangu walivyo. Babu alikuwa mkulima wa karoti na kabichi, na msimu wa baridi alikuwa na tuta moja la stroberi ambalo alilipenda kuliko baadhi ya watoto wake. Tangu nilipozaliwa aliniita mke wake, kama babu wote wanavyowatania wajukuu wa kike, na kwa hiyo bibi aliniita mke mwenza. Utani huo kwa bibi ulikuwa na sheria kamili. Nikichelewa kuamka alimwambia babu, "Mke wako wa mjini bado amelala, ulimwoa wa nini?" Babu alijibu, "Wewe nilikuoa unaamka mapema, ukaniamsha miaka yote hii. Nilitaka mabadiliko."

Nilifika, nikasema shikamoo, nikaitikiwa marahaba, na kabla sijanywa chai nikatoa ratiba nibandike ukutani. Ilikuwa kurasa tatu za kaunta buku, lile daftari kubwa, ukurasa mmoja kwa wiki, kila siku na ukanda wake mpana wenye nafasi ya makosa. Bibi alivaa miwani akaikagua.

"Hiki ni Kiingereza."

"Shuleni tunasoma kwa Kiingereza, bibi."

"Ukuta huu ni wangu. Nisichoweza kukisoma hakibandikwi."

Basi nikaketi jikoni nikaiandika yote upya kwa Kiswahili, nikitumia maneno ya shule ya msingi niliyoyakumbuka, na yale nisiyoyakumbuka nikayaeleza kwa urefu. Tulibandika kwa uji mzito wa unga. Bibi alisimama mbele yake muda mrefu, kidole kinashuka ukanda kwa ukanda, na kuanzia siku ile kalenda ya nyumba ile ilibadilika.

Sijui ilianzaje hasa. Nakumbuka tu Jumanne nikimsikia bibi anamwambia jirani yake, mama mmoja aliyekuwa akiazima kila kitu isipokuwa mume, "Jembe utalipata siku ya poligoni." Na yule mama akaitikia, "Haya, siku ya poligoni," akaondoka. Jumatano akaja, akachukua jembe. Mwisho wa wiki watu watatu wa jumuiya yao ya sala walikuwa wanajua kwamba rozari ni nyumbani kwa bibi siku ya pembetatu zinazofanana, jioni.

Kazi za nyumbani nazo bibi alizigawa kwa kuitazama ratiba. Alikuwa na kipimo chake: mada yenye jina fupi ni nyepesi, kwa hiyo siku hiyo nabeba samadi. Mada yenye jina refu ni nzito, kwa hiyo nachambua maharage nimekaa. Nilipogundua hilo, kabla ya wiki ya pili kuanza, "Maeneo" ilipata jina jipya: "Maeneo na Mizingo ya Maumbo Mbalimbali Yenye Pande Nyingi na Yasiyo na Pande Kabisa." Bibi aliisoma akanitazama juu ya miwani.

"Mke mwenza, hii imekua tangu jana."

"Imepata samadi, bibi."

Nilibeba ndoo mbili.

Lakini nasoma, ndilo nililotaka kusema. Asubuhi baridi ile ya Juni inakuuma masikio, nakaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, moshi wa kuni na harufu ya mchaichai vinatoka jikoni, na chini kabisa, ukungu ukifunguka, mji unaonekana mdogo kama kitu kilichodondoka. Sikuwahi kusoma vile kabla wala baada. Jumatatu nilifanya mistari sambamba. Jumanne pembetatu: jumla ya nyuzi mia na themanini, pembe ya nje sawa na zile mbili za ndani zilizo mbali nayo, na ile ya pande mbili sawa ambayo pembe zake za chini ni sawa. Nikikosea naandika kwenye ukanda. Nikimaliza siku naipiga mkasi mkubwa wa kalamu, alama ya kuzidisha kutoka kona hadi kona, kwa raha kama ya mtu anayefunga goli.

Mkasi ule ndio ulioniponza.

Jumamosi alfajiri niliteremka na bibi kupeleka mboga mjini, yeye kapu kichwani na mimi langu ambalo nililibeba kichwani dakika chache na mgongoni safari yote. Babu alibaki kulinda stroberi dhidi ya ndege. Tuliporudi mchana alikuwa ameketi kandokando ya tuta lake, ametulia, moshi wa tumbaku unapanda. Niliingia ndani kuanza marudio ya makosa.

Ukutani, ukurasa wa wiki ya kwanza ulikuwa umebaki kichwa na mkia. Jumamosi ilikuwepo. Jumapili ilikuwepo. Jumatatu mpaka Ijumaa zilikuwa zimekatwa kwa kisu, safi, kama aliyepima kwa rula.

Nilitoka nje.

"Babu, siku zangu ziko wapi?"

"Zipi?"

"Za ukutani."

Aliutazama msokoto uliobaki vidoleni. Kwenye karatasi yake niliona mwandiko wangu, herufi tatu za mwisho za neno pembetatu, na moto unazifuata.

"Nilivuta zilizokwisha tu," alisema. "Zijazo sijazigusa hata moja. Duka limefungwa, karatasi za kusokotea zimeniishia, na hizo umezifuta mwenyewe, mke wangu. Nimeona mkasi."

"Mkasi maana yake nimesoma."

"Ndiyo nasema. Tuta likishavunwa unabaki umelikumbatia la nini?"

Makosa yote ya wiki yalikuwa kwenye zile kanda. Sikukumbuka nilikosea wapi, na Jumamosi nzima ilipangwa kwa ajili ya hayo. Nilikaa chini kwenye majani yenye maji. Naona hata babu aliona kwamba safari hii sitanii, kwa sababu alizima msokoto na kuuweka nyuma ya sikio.

Bibi ndiye aliyehukumu. Alisikiliza pande zote mbili akiwa bado na kitambaa cha kubebea kapu kichwani.

"Umevuta siku tano za mke mwenza wangu."

"Nne na nusu," babu alisema, akigusa sikio.

"Utazirudisha."

"Nitazitoaje, kwa kukohoa?"

"Kwa masikio. Atakusomea kila siku uliyoivuta, nawe utasikiliza mpaka uelewe. Na kuanzia leo huvuti siku ambayo hukuielewa. Hicho ndicho kitubio chako, tena nimekupunguzia."

Babu alikubali kwa sababu alijua duka halifunguliwi mpaka wiki ianze, na huenda kwa sababu aliona mchezo. Alikuja akaketi kwenye kigoda changu, akakunja mikono.

"Haya, mke wangu. Jumatatu ilisemaje?"

Nilimweleza mistari sambamba nikichora chini kwa kijiti. Ilipita. Kisha Jumanne. Nikasema pembe tatu za pembetatu ukizijumlisha unapata nyuzi mia na themanini, yaani mstari ulionyooka.

"Nani amekwambia?"

"Kitabu."

"Kitabu nacho kimeambiwa na nani?"

"Babu, ndivyo ilivyo."

"Mimi nimeambiwa mengi kwamba ndivyo yalivyo. Niliambiwa mama yako atakuwa mtawa."

Bibi alicheka jikoni. Nami nikagundua jambo ambalo lilinishtua kuliko kuvutwa kwa ratiba: sikujua. Nilikuwa nimeifanya Jumanne, nimepata maswali karibu yote, nimepiga mkasi, na sikujua kwa nini. Nilienda kuchungulia daftari, nikarudi, nikachora pembetatu na kupitisha mstari juu ya ncha yake, sambamba na upande wa chini. Nikamwonyesha kwamba pembe hii ya chini inapanda kule juu kama ilivyo, na ile ya upande wa pili inapanda huku, kwa sababu ya ile habari ya Jumatatu, na ile ya juu ilikuwepo tayari. Zote tatu zimepanga mstari mmoja ulionyooka. Babu aliinama akaangalia. Akafuta pembetatu yangu kwa mguu, akachora yake, imepinda vibaya, ndefu kama mdomo wa korongo.

"Na hii?"

Nikafanya kwa ile. Ikakubali.

"Haya," alisema, akautoa msokoto nyuma ya sikio. "Sasa naweza kumalizia."

Tangu hapo ndivyo tulivyoishi. Kila jioni kabla ya jua kuzama, nilinakili makosa ya siku kwenye daftari, bibi akakata ukanda, na babu akaketi nao gotini akisubiri niueleze. Hakuwa mwanafunzi mzuri, nisiwadanganye. Alisinzia kwenye maeneo. Kwenye pembetatu mraba alitaka kujua nani ana muda wa kuchora miraba kwenye kila upande. Mara nyingi swali lake halikuwa na kichwa wala miguu, alikuwa anataka tu nikasirike. Ila lile moja, nani amekwambia, hakuliacha. Na asiporidhika hakuvuta, na asipovuta hakuna aliyekuwa na amani mle ndani. Alilalamikia chumvi, akalalamikia jogoo, akamlalamikia padri. Bibi alinijia pale mlangoni akaninong'oneza, "Mke mwenza, mweleze huyu mtu vizuri, kwa jina la Mungu."

Alhamisi ya wiki ya pili tukakwama.

Ilikuwa siku ya pembe za ndani ya duara, ile ile niliyotaka kuanza nayo, ile ya masharubu. Inasema hivi: chukua nukta mbili ukingoni mwa duara. Mtu aliyekaa katikati ya duara akizitazama, pembe anayoipata ni mara mbili ya pembe anayoipata mtu aliyekaa ukingoni upande wa pili. Nilijua kuitumia. Ukinipa nyuzi arobaini za ukingoni nakupa themanini za katikati kabla hujafumba mdomo. Nikamwambia babu.

"Nani amekwambia?"

Safari hii nilijiandaa na maonyesho. Nilichukua kamba na vigingi viwili nikachora duara uani. Nikaweka ndoo mbili ukingoni. Nikamkalisha babu katikati.

"Tazama ndoo ya kwanza. Sasa geuza shingo utazame ya pili. Umegeuka sana, si ndiyo? Sasa njoo ukae huku ukingoni. Tazama ya kwanza, tazama ya pili. Umegeuka kidogo. Nusu yake."

Babu alifanya yote kwa utii wa kutisha. Alirudi katikati akarudia. Jirani wa jembe alikuwa amesimama njiani anatazama mzee mzima anazungusha shingo kati ya ndoo mbili.

"Shingo inauma sawasawa kote kote," alisema hatimaye. "Nusu sijaiona."

"Babu, kwa macho inaonekana kabisa."

"Macho yangu siyaamini. Bibi yako nilimchagua jioni."

"Na mimi niliona giza," bibi alijibu kutoka jikoni.

Nilijaribu tena kwa mchoro, nikazunguka zunguka, nikafika mahali nikasema ndivyo ilivyo. Babu aliukunja ule ukanda taratibu, akautia mfukoni mwa shati, akaenda kulala bila kuvuta. Ijumaa nilisoma mistari inayogusa duara huku nusu ya akili iko kwenye ndoo. Jioni babu hakutaka hata kusikia ya Ijumaa. "Tuta la nyuma halijavunwa," alisema. Usiku ule alimlalamikia padri, jogoo, na serikali.

Hapo ndipo niliogopa kweli. Likizo ilikuwa inakwisha, na mzee mmoja wa mlimani alikuwa amenionyesha, kwa kukaa tu akinisubiri, kwamba kilaza aliyechora masharubu bado yuko mle mle ndani yangu, safari hii amevaa majibu. Madamu akisema thibitisha, nitamjibu ndivyo ilivyo? Nilimwona yule dada wa fulana ya njano anakunja chombo chake na kuondoka.

Jumamosi nilikaa na makosa, na kosa lilikuwa moja. Nikakumbuka mlango wa ofisi ya walimu. Duara inakula pembetatu. Lakini kwenye mchoro wangu pembetatu iko wapi? Kulikuwa na mistari minne tu, miwili inatoka katikati kwenda kwenye ndoo, miwili inatoka ukingoni kwenda kwenye ndoo zile zile. Nikakaa nao. Mwisho, karibu kwa hasira, nikapiga mstari mmoja kutoka kwa mtu wa ukingoni, ukapita katikati ya duara, ukatokea upande wa pili kati ya ndoo.

Pembetatu mbili zikatokea pale, kama zilikuwa zimejificha nyuma ya mlango.

Nilimwita babu kwa sauti ambayo bibi alidhani nimeona nyoka. Alikuja mwendo wake. Uani duara lilikuwepo bado, kuku wamelichakura kidogo. Nikaburuta kijiti.

"Kutoka katikati kwenda ukingoni ni urefu ule ule wa kamba, popote uendapo. Sawa?"

"Kamba ni moja. Sawa."

"Basi pembetatu hii ina pande mbili sawa. Kwa hiyo pembe zake hizi mbili ni sawa. Uliivuta hiyo Jumanne ya kwanza."

"Naikumbuka. Ilikuwa kali."

"Na pembe ya nje, hii hapa katikati, ni sawa na zile mbili za ndani kwa pamoja. Nazo ni sawa. Kwa hiyo ni mara mbili ya ile ya ukingoni."

Akaonyesha kwa kidole cha mguu pembetatu ya upande wa pili.

"Na ile?"

"Ile nayo vile vile. Mara mbili upande huu, mara mbili upande ule. Ukizijumlisha, yote ni mara mbili ya yote."

Babu alilizunguka duara zima. Alikaa katikati, akageuza shingo kwa ndoo ambazo hazikuwepo tena. Alikwenda ukingoni, akageuza. Nilisubiri nani amekwambia, na nilikuwa tayari. Nilikuwa na jibu kwa kila mstari.

Hakuuliza. Aliutoa ukanda mfukoni, umekunjamana, akausokota na kuuwasha, akaketi pale pale katikati ya duara. Bibi alitoka jikoni kuangalia kwa nini pamekuwa kimya, akamwona, akarudi ndani. Jioni ile chumvi ilikuwa sawa.

Wiki ya tatu ilikwenda mbio. Mtihani wa majaribio niliufanya Alhamisi kwa kengele ya kanisa, kuanzia ya asubuhi hadi ya adhuhuri, na bibi alizuia watu wote njiani kwa kusema mke mwenza anafanya siku ya mwisho. Ijumaa nilisahihisha, nikamweleza babu, akavuta. Jumamosi nikateremka mapema na kapu la karoti, babu amesimama kwenye tuta lake la stroberi, hakupunga mkono kwa kuwa huwa hapungi.

Kwenye mtihani swali la duara lilikuwepo, na lilisema thibitisha. Lilisema kwa Kiingereza, na kwa muda nikakwama, kwa sababu mle kichwani kila kitu kilikuwa kinaongea Kiswahili chenye harufu ya tumbaku. Kisha nikachora duara, bila macho, bila masharubu, nikapitisha mstari wangu, na kila nilipoandika jambo nilisikia nani amekwambia, nikaandika sababu pembeni.

Nilivuka nusu na kubaki na chenji. Madamu aliandika chini kwa wino mwekundu: "Nani amekufundisha kutoa sababu kila mstari?" Aliponirudishia karatasi nilimwambia ni mvuta tumbaku mmoja, akasema nisianze tena. Lakini sikuhama chumba, na dawati langu kwenye mchepuo wa sayansi bado lina jina langu, nimelichonga vibaya. Nilipopanda kuwapelekea habari, babu alidai nusu ya alama.

"Mimi ndiye niliyezivuta," alisema.

Sasa niko kidato cha nne, na hiyo ilikuwa likizo yangu ya mwisho kule juu. Kifua cha babu kiligoma, daktari akakataza tumbaku na mlima vyote viwili kwa pigo moja, na wazazi wa mama wakahamia kwetu Bigwa. Anakaa uani anautazama mlima kutoka chini, anasema umekaa vibaya ukiuona kutokea upande huu. Bibi amepanda mchicha kwenye ndoo zilizopasuka. Nimebandika ratiba ya mtihani wa taifa sebuleni, na bibi bado anawaambia majirani wapya waje siku ya miteremko, nao wanamtazama tu.

Mwezi uliopita nilipanda kule kuchukua magodoro. Stroberi zimeshakuwa majani matupu, ndege wamemaliza. Ndani, uji wetu ulikuwa bado umeng'ang'ania ukutani, vichwa vya wiki tatu vimejipanga, na chini ya cha tatu ukanda mmoja haujakatwa. Jumamosi na Jumapili: pumzika, usisome chochote. Niliubandua taratibu nikampelekea babu, nikamuuliza imekuwaje huu ukapona, na wakati ule alikuwa anavuta hata karatasi ya sukari.

Aliupokea, akaunyoosha gotini kwa kiganja.

"Huu hukunieleza," alisema. "Uliondoka asubuhi."

Nikavuta kigoda.

"Haya," alisema babu. "Kwa nini upumzike? Nani amekwambia?"